Kumfundisha Mzazi Mzee Alama Nne za TikTok: Utepe, Moyo, Mshale na Kufuata

Mama yangu ana umri wa miaka 71, anaishi Tanga, na anafuga kuku wa kienyeji uani kwake. Simu kubwa anayo kwa miaka kadhaa sasa, na WhatsApp anaitumia vizuri, hasa ujumbe wa sauti. TikTok aliwekewa na mjukuu wake wakati wa likizo, akaonyeshwa kitu kimoja tu, yaani kupandisha video kwa kidole, kisha mjukuu akarudi shuleni. Baada ya wiki mbili Mama alinipigia simu jioni akiwa na malalamiko. Siku iliyopita alikuwa ameona video ya mfugaji anayeonyesha jinsi ya kuwapa kuku chanjo ya mdondo kwa tone la jichoni, alitaka kuiona tena ili amwonyeshe jirani, na alikuwa amepandisha video saa nzima akiitafuta mpaka bando likamwishia. Aliniuliza, "Mwanangu, ile video imekwenda wapi?"

Swali hilo lilinionyesha pa kuanzia. Wengi wetu tunapomfundisha mzazi huanza na moyo, kwa sababu ndio unaoonekana zaidi, lakini mzee hana sababu ya kugusa moyo. Sababu anayo ya kutaka kuipata tena video aliyoiona jana. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na kuhifadhi, unakwenda kwenye kupenda, kisha kutuma, na unamalizia na kufuata akaunti, na katika kila hatua nimeeleza kinachokwenda kombo na jinsi ya kukitambua. Nimetumia simu ya Android yenye TikTok ya Kiingereza, kwa hiyo maneno yaliyo katika alama za kunukuu ndiyo atakayoyaona kwenye kioo. Mpangilio wa vitu unaweza kutofautiana kidogo kati ya toleo moja na jingine, lakini alama zenyewe ni zile zile.

Kazi ya kufanya wewe kabla hujamwita Mama

Kuna mambo ambayo mzee hana haja ya kujifunza, maana yanafanywa mara moja na kuachwa. Yafanye mapema ukiwa na simu yake mkononi, kwa ruhusa yake.

Fungua TikTok, gusa "Profile" chini upande wa kulia, gusa mistari mitatu iliyo juu, kisha ingia "Settings and privacy". Ndani ya "Privacy" washa "Private account", ili mtu asiyejulikana asiweze kumfuata bila yeye kukubali. Hapo hapo tafuta "Liked videos" na uhakikishe imewekwa "Only me", na "Following list" nayo uiweke vivyo hivyo. Kwenye "Direct messages" mimi nilichagua "No one" bila kusita, kwa kuwa watu wa kuzungumza na Mama wanamjua WhatsApp, na karibu kila mgeni anayemwandikia mzee ndani ya programu ya video ana lake jambo. Mwisho washa "Data Saver", ambayo hupunguza ubora wa video kidogo na kuokoa bando.

Nje ya TikTok, ingia kwenye "Settings" ya simu yenyewe na uongeze ukubwa wa maandishi. Tafuta pia maneno "hold delay" kwenye kisanduku cha utafutaji cha "Settings". Huo ni muda ambao simu husubiri kabla ya kuhesabu kwamba mtu ameshikilia kidole badala ya kugusa tu, na kwa kawaida uko mfupi. Uweke mrefu. Sababu yake inafuata.

Usiseme "bonyeza"

Somo langu la kwanza liliharibika kwa neno moja. Nilimwambia Mama abonyeze alama fulani, naye akabonyeza kweli: aliweka kidole gumba, akakandamiza, akasubiri. Ndivyo alivyozoea tangu enzi za simu ya kitochi, ambayo kitufe chake kilihitaji nguvu na kilitoa mlio kikikubali. Kioo cha simu kubwa hakifanyi kazi hivyo. TikTok ikihisi kidole kimekaa juu ya video, hufungua orodha yenye maneno kama "Not interested", na kidole kikikaa pembeni mwa kioo, video huanza kwenda mbio mara mbili ya kasi yake. Mama alidhani shekhe aliyekuwa akimsikiliza ameanza kusema haraka haraka kwa sababu muda wa kipindi unakwisha.

Tangu hapo nilitumia neno "gusa", na nikamfundisha kwa mfano wa jikoni: gusa kama unavyogusa sufuria kujua kama ina moto. Mtu hakandamizi sufuria ya moto, hugusa na kuondoa kidole papo hapo. Mfano huo ulifanya kazi kuliko maelezo yangu yote. Mwambie pia atumie ncha ya kidole cha shahada badala ya kidole gumba, huku simu ikiwa imelala mezani au kwenye mkono wa pili. Kama kioo hakimpokei kabisa, tazama ngozi ya kidole chake. Ngozi ya wazee huwa kavu, na kioo hutambua kidole kwa umeme mdogo unaopita kwenye ngozi yenye unyevu. Kupaka mafuta kidogo na kuyafuta, au kupitisha kidole kwenye kitambaa chenye unyevunyevu, kunatosha. Angalia na kioo cha ziada cha kulinda simu, kwani kikishajaa mikwaruzo au hewa chini yake hupunguza hisia.

Kanuni ya pili ni kwamba simu isitoke mkononi mwake. Utashikwa na hamu ya kuinyakua na kusema, "Lete nikuonyeshe." Ukifanya hivyo atajifunza kukupa wewe simu. Kaa upande wa mkono wake anaotumia, elekeza kwa kalamu iliyofungwa kifuniko bila kugusa kioo, na ungoje. Video za TikTok hujirudia zenyewe zikiisha, kwa hiyo hakuna kinachokimbia mkifikiri kwa dakika nzima.

Utepe: kuhifadhi

Upande wa kulia wa video kuna safu ya alama zinazosimama wima. Juu kabisa ni picha ya duara ya mwenye video, chini yake moyo, kisha kiputo cha maoni, kisha alama iliyo kama kitambaa kilichokatwa pembe chini, kisha mshale uliopinda. Nilimwuliza Mama ile ya nne inafanana na nini. Akaitazama, akasema, "Utepe wa msahafu." Nisingepata jina bora zaidi. Utepe wa msahafu huwekwa mahali msomaji alipoishia ili arudi kesho, na hiyo ndiyo kazi ya alama ile. Mwache mzazi wako naye azibatize alama zote kwa majina yake mwenyewe, na wewe uyatumie hayo hayo kwenye simu mnapozungumza mkiwa mbali. Atakumbuka jina alilolitunga kwa muda mrefu kuliko lile utakalomletea.

Hatua yenyewe ni kugusa utepe mara moja. Ukigeuka rangi ya njano, video imehifadhiwa. Ukirudi kuwa mweupe, amegusa mara mbili na kuufuta, jambo linalotokea sana kwa mkono unaotetemeka. Mfundishe kutazama rangi baada ya kila mguso na kutamka, "Njano." Sisi tulizoea kulisema kwa sauti, wote wawili, mpaka likawa mchezo.

Lakini kugusa utepe ni nusu ya somo, na ni nusu isiyo na maana bila ile ya pili, yaani kwenda kuipata video. Hapa ndipo wafundishaji wengi huishia njiani. Mwelekeze aguse "Profile" chini upande wa kulia. Chini ya jina lake ataona mstari wa alama ndogo, na miongoni mwake ni ule ule utepe. Akiugusa, video zake zote zilizohifadhiwa zitatokea kama picha ndogo ndogo, na akigusa mojawapo itaanza kucheza. Rudieni safari hiyo mara tano kwa video tano tofauti: hifadhi, nenda "Profile", gusa utepe, fungua video, rudi "Home". Msifanye kitu kingine siku hiyo. Dakika ishirini zinatosha, na zikizidi macho yake huchoka kabla ya akili.

Kipimo hakifanyiki siku hiyo hiyo. Kesho yake mpigie simu umwambie akutajie mfugaji wa ile video ya chanjo amevaa shati la rangi gani. Akiweza kuifungua na kukujibu, amejifunza. Akikwama, mwulize anaona nini kwenye kioo kabla hujamwambia la kufanya. Mama alikwama siku ya pili kwa sababu alikuwa ameingia kwenye "Profile" ya mtu mwingine bila kujua: alikuwa ametelezesha kidole kuelekea kushoto, na TikTok humpeleka mtu kwenye ukurasa wa mwenye video akifanya hivyo. Niligundua aliposema anaona picha ya kijana mwenye kofia mahali pa picha yake. Dawa ilikuwa kurudi kwa mshale wa nyuma na kuanza upya.

Zikishafika kama thelathini, video zilizohifadhiwa huanza kuchanganyika. Wakati huo, si kabla, mfungulie mafungu. Ndani ya ukurasa wa utepe kuna sehemu inayoitwa "Collections", ambayo hukuwezesha kuunda fungu na kulipa jina. Mama ana mawili tu, "Kuku" na "Mapishi". Niliunda la tatu la mawaidha akaniambia nilifute, kwa kuwa mawaidha hasikilizi mara mbili kwenye simu, ana redio.

Mambo mawili mweleze mapema ili asije akadhani amekosea. La kwanza, video iliyowekewa utepe bado iko kwa mwenyewe, haimo ndani ya simu, kwa hiyo bila bando haichezi, na mwenyewe akiifuta inatoweka na kwa Mama pia. La pili, kuna neno "Save video" ndani ya orodha ya mshale, nalo ni jambo tofauti: hilo huishusha video ndani ya simu, pamoja na picha zake nyingine, ili atazame hata bila mtandao. Halipo kwa kila video, kwa kuwa mwenye video anaweza kulizuia, na hula nafasi ya simu. Mimi nilimshushia mwenyewe video mbili za chanjo na sikumfundisha zaidi ya hapo.

Moyo: kupenda

Mama alikataa kugusa moyo siku ya kwanza. Alikuwa na haya. Moyo mwekundu kwake ni jambo la wapenzi, na hakuona ni kwa vipi ampelekee moyo kijana wa kuchoma mishikaki asiyemjua. Nilimweleza kwamba ni sawa na kumwambia mtu "ahsante" baada ya kumsikiliza, na hapo akakubali. Ikiwa mzazi wako ana haya kama hiyo, usiipuuze. Mweleze pia kwamba mwenye video hupata taarifa kwamba akaunti fulani imependa, ilhali Mama akihifadhi kwa utepe, mwenye video huona idadi tu. Kwa mzee tofauti hiyo ina uzito, kwa kuwa moja ni salamu na nyingine ni siri yake.

Kuna njia mbili za kupenda. Moja ni kugusa moyo wenyewe pembeni, nao hugeuka mwekundu. Nyingine ni kugusa katikati ya video mara mbili kwa haraka, "ta-ta", na moyo mkubwa huruka pale kidole kilipogusa. Kwa mkono unaotetemeka fundisha hii ya pili, ingawa inaonekana ngumu zaidi. Mtu akigusa moyo wa pembeni mara mbili bila kukusudia, mguso wa pili hufuta wa kwanza, lakini akigusa katikati ya video mara mbili, tatu au nne, moyo hubaki mwekundu tu. Mguso wa ziada haumharibii kitu. Kosa lake ni moja: miguso ikiwa ya taratibu mno, video husimama badala ya kupendwa, kwa kuwa mguso mmoja peke yake husimamisha video. Akiona imeganda na alama ya pembetatu katikati, aguse tena mara moja iendelee.

Kuondoa moyo ni lazima aguse moyo wenyewe wa pembeni. Mfundishe hili siku hiyo hiyo, kwa sababu atapenda kitu kwa bahati mbaya kabla ya wiki kwisha, na asipojua kukiondoa ataogopa kuigusa simu.

Moyo una kazi ya pili ambayo ni muhimu kuliko ile ya ahsante. TikTok huchagua video za kumletea mtu kwa kuangalia alichopenda, alichotuma, aliowafuata na alichotazama mpaka mwisho. Kwa hiyo moyo ni kama kumwambia muuza duka, "Kesho niletee tena cha namna hii." Mama, kwa adabu yake, alikuwa akitazama kila video hadi mwisho, kwa sababu aliona si heshima kumkatiza mtu anapozungumza, na matokeo yake alijazwa video za ugomvi wa majirani ambazo hazipendi hata kidogo. Ilinichukua muda kumshawishi kwamba yule mtu hamwoni, na kwamba kumpandisha juu katikati ya maneno si utovu wa adabu. Kwa zile zinazomkera kabisa, mwonyeshe faida ya kushikilia kidole: safari hii ashike kidole katikati ya video mpaka orodha itokee, kisha aguse "Not interested".

Mshale: kutuma

Hapa kwenda taratibu kuna maana, kwa kuwa utepe na moyo vinaweza kufutwa bila mtu kujua, lakini video iliyokwenda kwa watu imekwenda.

Akigusa mshale uliopinda, sehemu ya chini ya kioo hupanda ikiwa na safu za duara: watu wa TikTok, kisha programu nyingine, kisha kazi kama "Copy link" na "Save video". Kwa mzee hiyo ni milango mingi mno. Mfundishe mmoja tu, duara la kijani la WhatsApp. Wakati mwingine video ikirudia mara kadhaa ule mshale wenyewe hugeuka kuwa alama ya WhatsApp. Mwambie mapema, la sivyo atadhani mshale umepotea.

Akishagusa WhatsApp, inafunguka orodha ya majina. Mtu wa juu kabisa kwenye orodha hiyo si mtu, ni "My status", na hapo ndipo Mama alipoanguka. Alitaka kumtumia mdogo wake aliyeko Muscat video ya mganga wa kuchekesha, akagusa jina la kwanza aliloliona, na video ikakaa kwenye hali yake ya WhatsApp mbele ya ukoo mzima, imamu wa mtaa akiwemo. Alijua asubuhi, alipoona watu wanacheka. Kwa bahati hali ya WhatsApp hufutika yenyewe baada ya saa 24, na kabla ya hapo mtu anaweza kuifuta.

Kwa sababu hiyo nilimfundisha kutuma kwa hatua nne zenye kituo katikati. Gusa mshale. Gusa WhatsApp. Tafuta jina, uliguse, kisha usimame na ulisome kwa sauti lile jina lililotokea chini ya kioo. Likiwa ndilo, gusa mshale wa kijani, na kama WhatsApp itafungua ukurasa wa kuandika, gusa mshale wa kijani tena. Kituo kile cha kusoma jina kwa sauti ndicho kinachookoa. Ili kurahisisha zaidi, waweke watu watatu anaowatumia mara nyingi juu ya mazungumzo yake ya WhatsApp kwa kuwabandika, ili asipite kwenye majina mia mbili.

Mazoezi yafanyike kwako wewe. Kaa naye chumba kimoja, akutumie video tatu, na kila ikifika mwonyeshe kwenye simu yako jinsi inavyoonekana upande wa pili: ni kiungo chenye kipicha kidogo, na anayekigusa ndipo huiona video. Mama alishangaa, kwani alidhani video yenyewe inasafiri. Hilo linaeleza pia kwa nini mdogo wake asiye na TikTok wakati mwingine hufunguliwa ukurasa wa intaneti unaomwomba apakue programu. Si kosa la mtumaji.

Ndani ya orodha ile kuna pia "Repost", ambayo huipeleka video kwa marafiki wake wa TikTok kana kwamba ameisimamia. Kidole huiangukia kirahisi. Ikitokea, aguse mshale tena kwenye video hiyo hiyo, na mahali pake patakuwa na neno la kuiondoa.

Kuhusu video zipi za kutuma, niliweka sharti moja tu naye: video inayotaja dawa, ya mtu au ya kuku, inakuja kwangu kwanza. Nyingine zote ni hiari yake. Sharti moja hukumbukwa, na mzee hapendi kuwekewa orodha ya makatazo na mtoto aliyemlea.

Alama ya kujumlisha: kufuata

Chini ya picha ya duara ya mwenye video kuna alama ndogo nyekundu ya kujumlisha. Akiigusa, hugeuka kuwa alama ya tiki kisha hutoweka, na kutoweka huko humchanganya mzee anayedhani ameiharibu. Mwambie kwamba ikitoweka ndiyo imekubali. Video za watu anaowafuata atazikuta akigusa "Following" juu ya kioo, mbali na "For You", ambayo ni mchanganyiko wa wote.

Alama hiyo ni ndogo mno kwa kidole cha mzee, na mara nyingi atagusa picha yenyewe badala yake. Usimlazimishe kulenga. Kugusa picha humpeleka kwenye ukurasa wa mtu, na huko kuna kitufe kikubwa chekundu cha "Follow" ambacho hakimkosi. Njia hii ndefu ni bora pia kwa sababu inampa nafasi ya kumkagua mtu kabla ya kumfuata. Tulikubaliana atazame vitu viwili hapo. Kwanza, akishuka chini, je, video za mtu huyu zote ni za jambo lile lile, au jana alikuwa mfugaji na leo anagawa mikopo? Pili, ikiwa ni mtu maarufu, je, kuna tiki ya buluu kando ya jina? Akaunti za kuiga watu maarufu huchukua picha zao na video zao, kisha huomba pesa, na nyingi hujidhihirisha kwa uchache wa video na kwa jina lililoongezwa tarakimu au nukta mwishoni.

Tahadhari moja ni ya pale picha ya duara inapozungukwa na duara jekundu linalopumua na neno "LIVE". Hapo kugusa picha hakumpeleki kwenye ukurasa wa mtu, humwingiza kwenye matangazo ya moja kwa moja, ambako kuna mawaridi na zawadi za kutuma. Zawadi hizo hununuliwa kwa sarafu, na sarafu hununuliwa kwa fedha halisi. Kutazama ni bure. Hakikisha hakuna kadi ya benki iliyounganishwa kwenye simu yake, na umwonyeshe msalaba wa kufungia ulio juu pembeni.

Kuacha kufuata nako kuwe sehemu ya somo: aingie kwenye ukurasa wa mtu, aguse pale palipokuwa "Follow", kisha achague "Unfollow". Mwenye akaunti hapelekewi taarifa ya kuachwa. Mama aliniuliza hilo mara tatu kabla ya kumwacha mpishi mmoja anayeweka sukari kwenye kila kitu.

Kwa kuanzia watu watano wanatosha. Chagueni pamoja kutoka kwenye video alizokwisha kuziwekea utepe, kwa sababu hizo ndizo ushahidi wa anachokitaka kweli.

Wiki ya pili

Niliandika karatasi moja kwa herufi kubwa, nikaibandika ndani ya mlango wa kabati lake la vyombo, ikiwa na michoro minne ya mkono na maneno yake mwenyewe: utepe wa msahafu, ahsante, mpelekee mtu, nimfuate. Chini niliandika "Gusa kama sufuria." Baada ya wiki mbili nilirudi Tanga na kukaa pembeni yake bila kusema neno, nikimtazama. Alikuwa akikosea jambo moja tu: kila alipotaka kufuata mtu aligusa alama ya kujumlisha iliyo chini katikati ya kioo, ambayo hufungua kamera ya kurekodi, na simu yake ilikuwa na picha kadhaa za dari. Nilichora alama hiyo kwenye karatasi na kuikata kwa mstari mwekundu.